Kadi tatu kuwa nne: ukurasa wa huduma uliovurugika kwenye templeti ya Canva

Fundi mmoja wa cherehani alinunua templeti ya Canva ya kijitabu cha huduma, kurasa 8 za A4. Akajaza maneno yake, akaweka picha zake na rangi ya biashara yake, kisha akanitumia kazi nzima kwa sababu haikumridhisha. Kurasa nyingi zilikuwa na kasoro ndogo ndogo tu. Ukurasa wa tatu, ule wa huduma, ndio uliokuwa umeharibika kabisa, na yeye mwenyewe hakuweza kuonyesha kwa kidole umeharibikia wapi.

"Fonti sijagusa," aliniambia. "Kila kitu nimekiacha pale pale. Nimeongeza kadi moja tu, maana huduma zangu ni nne na templeti ina tatu."

Nitaueleza ukurasa huo peke yake, kwa sababu karibu kila kinachoweza kuharibika mtu anapoingiza maudhui yake kwenye templeti ya kununua kilitokea pale. Na hiyo kadi moja aliyoitaja ndiyo iliyozaa karibu yote.

Ukurasa ulivyokuwa ulipotoka kwa muuzaji

Kabla ya kugusa kazi yake nilimwomba afungue tena kiungo alichopewa na muuzaji na kubonyeza kitufe cha kutumia templeti. Kila ukibonyeza, Canva inakuwekea nakala mpya kwenye akaunti yako, nayo haigusi ile uliyokwisha kuivuruga. Hivyo tukawa na vitu viwili mbele yetu: kazi yake, na templeti ikiwa safi. Bila ile safi, unabaki kukisia mbunifu alikusudia nini.

Kwenye ile safi nilifanya jambo ambalo wanunuzi wengi huliruka, nalo ni kuusoma ukurasa kwa vipimo. Ukibofya kitu chochote kisha ukafungua `Position` na kushuka hadi sehemu ya `Advanced`, unaona namba: upana, urefu, na X na Y, yaani kitu kimeanzia wapi kutoka ukingo wa kushoto na wa juu. Templeti hii ilipimwa kwa sentimita. Nilibofya vitu vichache tu, nikaandika namba zake kwenye karatasi.

Ukurasa una upana wa sentimita 21. Kushoto na kulia kumeachwa sentimita 2, kwa hiyo eneo la kazi ni sentimita 17. Juu kuna kichwa cha habari cha mstari mmoja, chini yake picha pana ya 17 kwa 5.7, na chini ya picha kadi tatu zilizosimama sambamba, kila moja ikiwa na upana wa 5.2 na urefu wa 12.7. Kati ya kadi na kadi kuna 0.7. Kati ya kichwa na picha kuna 1.4, na kati ya picha na kadi 1.4 tena. Ndani ya kadi, ikoni na maandishi vimekaa 0.7 kutoka ukingoni. Kutoka ikoni hadi kichwa cha kadi ni 0.35.

Ukizitazama namba hizo pamoja unaona kwamba mbunifu ana kipimo kimoja tu, 0.7. Vitu vilivyo jirani vinatenganishwa kwa 0.7, sehemu na sehemu kwa mara mbili yake, na vitu vinavyokwenda pamoja kwa nusu yake. Huo utulivu ambao mnunuzi aliupenda kwenye picha za muuzaji unatoka hapo. Picha za mfano na maneno ya mfano yataondoka yote siku ya kwanza. Kipimo hiki ndicho kinachobaki, nacho ndicho alichokilipia hasa.

Si kila templeti ina kipimo safi namna hii. Nyingine utakuta 0.68 hapa na 0.73 pale, kwa sababu aliyeitengeneza alisogeza kwa mkono. Hilo halina neno. Chukua namba iliyo karibu na ujifungie nayo ukurasa mzima.

Fundi alinielewa nilipomwambia kwamba nafasi hizi ni kama akiba ya mshono: haionekani nguo ikiisha, lakini ukiikata ili upate kitambaa zaidi, nguo haifungi.

Kilichotokea kadi ya nne ilipoingia

Alichofanya ni kile ambacho mkono wa mtu yeyote ungefanya kwanza. Kila kadi ilikuwa kundi, yaani mstatili, ikoni, kichwa na maelezo vimefungwa pamoja. Akainakili moja zikawa nne, hazikutosha kwenye mstari, basi akashika kona ya kila kundi na kuivuta ndani hadi nne zikaenea.

Kuvuta kona ya kundi kunapunguza kila kitu kilichomo kwa uwiano mmoja. Fanya hesabu uone. Kadi nne kwenye sentimita 17, zikitenganishwa na nafasi tatu za 0.7, zinabakiwa na 14.9, yaani kama 3.7 kila moja. Kadi iliyokuwa 5.2 imekuwa 3.7, kwa hiyo kila kilichomo kimebaki kama asilimia 72 ya ukubwa wake. Kichwa cha kadi kilichokuwa 14 kimeshuka hadi 10. Maelezo yaliyokuwa 11 yamekuwa 7.9. Ile 0.7 ya ndani imekuwa 0.5, huku 0.7 ya nje ikibaki vile vile, kwa hiyo uhusiano wa nafasi umevunjika hata pale ambapo hakuna kilichogusana.

Hii ndiyo dalili ninayoitafuta kwanza kwenye kazi yoyote iliyovurugika. Bofya maandishi, tazama namba ya ukubwa. Ukikuta 7.9 au 12.6, mahali ambapo ukurasa mwingine wa templeti hiyo hiyo una 11 na 14 kamili, ujue kona imevutwa. Kisanduku cha maandishi kina vishikio vya namna mbili: vya pembeni vinabadilisha upana wa kisanduku tu na maneno yanajipanga upya kwa ukubwa ule ule, lakini vya kona vinakuza au kupunguza herufi zenyewe. Ukitaka kuheshimu mtindo wa templeti, kona za maandishi usiziguse kabisa.

Likafuata tatizo la pili, ambalo linatokana na Kiswahili chenyewe. Vichwa vya kadi vya mfano vilikuwa maneno mafupi ya Kiingereza, kwa herufi kubwa zilizoachanishwa, `Letter spacing` ikiwa 100. Neno la herufi sita au saba linakaa vizuri hapo. Neno MAREKEBISHO lina herufi 11, na kwa mpangilio ule lilikuwa pana kuliko kisanduku chake, likakatika katikati: MAREKEBISH mstari wa kwanza, O mstari wa pili. Canva haikukatii neno kwa kistari mahali panapofaa. Linavunjika popote nafasi inapoishia. Yeye akakipunguza kichwa hicho kimoja hadi 8.5 ili neno lienee. Sasa kadi tatu zina vichwa vya 10 na moja ina 8.5. Msomaji hatapima, lakini jicho linaiona ile kadi kama imefifia, na huduma hiyo inaonekana ndogo kuliko nyingine.

Maelezo nayo hayakulingana. Kadi ya mafunzo ilikuwa na mistari mitatu, ya marekebisho ilikuwa na kama kumi na minne na ilikaribia kutoka nje ya mstatili. Na picha ya juu, ambayo ni ndefu kama zilivyo picha nyingi za simu, ilikatwa kichwa ilipoingia kwenye nafasi pana, kwa hiyo akaivuta chini hadi ikala ile 1.4 iliyotenganisha picha na kadi. Kadi zikawa zinagusa picha.

Ukiziangalia hatua zake moja moja, kila moja ina sababu yake. Lakini mara zote alitatua tatizo kwa kubadilisha nafasi na ukubwa wa herufi, vitu viwili ambavyo havikupaswa kuguswa, akaacha vile viwili vinavyoruhusu kubadilishwa: umbo la visanduku na urefu wa maneno.

Kuupanga upya

Nilianza na nakala safi, si na yake. Kurekebisha ukurasa ambao kila kitu kimeshapunguzwa kwa uwiano ni kazi ndefu kuliko kuanza upya, na haukosi kubakiwa na namba za ajabu mahali fulani.

Kwanza niliwasha rula kutoka `File`, `Settings`, `Show rulers and guides`, nikavuta mistari ya mwongozo kutoka kwenye rula: mmoja kwenye 2, mwingine kwenye 19, mmoja pale kadi zinapoanzia juu na mwingine pale zinapoishia chini. Mistari hii haichapishwi. Kazi yake ni kuweka mpaka, ili chochote nitakachofanya ndani kisitoke nje ya eneo ambalo mbunifu alilitenga.

Kisha hesabu ya kadi nne. Nne kwa mstari haziwezekani, tumeshaona zinavyobana. Lakini lile eneo la kadi, 17 kwa 12.7, linaweza kugawanywa mbili kwa mbili. Upana: 17 toa nafasi moja ya 0.7, gawanya kwa mbili, unapata 8.15. Urefu: 12.7 toa 0.7, gawanya kwa mbili, unapata 6. Kadi nne za 8.15 kwa 6, zikiachana kwa 0.7 pande zote, zinajaza eneo lile lile bila kuongeza wala kupunguza hata milimita. Mpangilio umebadilika, nafasi hazikubadilika.

Kwa mkono inafanyika hivi. Fungua kundi la kadi moja, `Ctrl+Shift+G`. Bofya mstatili peke yake na uandike upana na urefu mpya kwenye `Advanced`, ukihakikisha kifungo cha kulinda uwiano hakijafungwa, la sivyo ukiandika upana urefu nao utajibadilisha. Hili linawezekana kwa sababu mstatili wa templeti hii ni umbo la kawaida la Canva. Unalijua kwa kuwa ukilibofya unaona vishikio vya pembeni, na kona zake za mviringo hubaki na mviringo ule ule hata ukilinyoosha. Kuna templeti ambazo kadi ni mchoro uliopakiwa. Huo haukubali kunyooshwa upande mmoja. Hapo weka umbo la mstatili la Canva mahali pake, lipe rangi ile ile na mviringo wa kona unaofanana, kisha futa mchoro.

Sasa ndani ya kadi. Kadi ya awali ilikuwa ndefu na nyembamba, kwa hiyo ikoni ilikaa juu, kichwa chini yake, maelezo chini zaidi. Kadi mpya ni pana na fupi. Ukilazimisha mpangilio wa kusimama, ikoni na kichwa vitakula nusu ya urefu na maelezo yatabanwa. Niliweka ikoni kushoto, ukubwa wake ule ule wa 1.6, ikianzia 0.7 kutoka juu na 0.7 kutoka kushoto. Kichwa kikaenda kulia kwake baada ya 0.35. Kisanduku cha kichwa kikapata upana wa 4.8, badala ya 3.8 iliyokuwapo. MAREKEBISHO kwa ukubwa wa 14, herufi zikiwa zimeachanishwa kama awali, sasa linaenea kwenye mstari mmoja na "YA NGUO" inashuka mstari wa pili. Hakuna aliyepunguziwa ukubwa.

Hapa pana jambo moja dogo linaloleta tofauti kubwa. Vichwa vitatu vina mistari miwili (KUSHONA KWA VIPIMO, MAREKEBISHO YA NGUO, MAFUNZO KWA WANAOANZA) na kimoja kina neno moja tu, KUDARIZI. Kisanduku cha maandishi cha Canva kwa kawaida hukua kuelekea chini, kwa hiyo KUDARIZI lingekaa juu, sawa na ncha ya ikoni, na chini yake pangebaki tupu. Ndani ya `Spacing` kuna `Anchor text box`, inayoamua kisanduku kikue kuelekea wapi: juu, chini, au kutoka katikati. Niliweka katikati kwa vichwa vyote vinne, nikavilinganisha katikati ya ikoni. Sasa kichwa kikiwa cha mstari mmoja au miwili, bado kimekaa usawa wa ikoni, na fundi akibadilisha jina la huduma mwakani hatahitaji kusogeza chochote.

Maelezo yakaanza 0.35 chini ya ikoni, upana wa 6.75. Kwenye urefu uliobaki, baada ya kuacha 0.7 chini, panabaki 2.65. Herufi za 11 zenye nafasi ya mistari ya 1.4 zinakula kama 0.54 kwa mstari, kwa hiyo mistari minne inaingia vizuri na wa tano unavuka kidogo. Hapo nikawa na kikomo cha kweli cha kumpa mwenye kazi: mistari minne, na kila mstari unabeba herufi kama 34 ukihesabu na mapengo ya maneno.

Kadi ya kwanza ilipokamilika niliifunga kundi kwa `Ctrl+G`, nikainakili mara tatu kwa `Ctrl+D`, na kuzipanga kwa kuandika X na Y badala ya kuvuta kwa jicho. Za kushoto zinaanzia 2, za kulia zinaanzia 10.85, yaani 2 na 8.15 na 0.7. Za juu zinaanzia 12, za chini 18.7. Mtu asiyependa namba anaweza kuvuta. Canva huonyesha mistari ya rangi na umbali nafasi zinapolingana. Lakini kwa visanduku vinne, kuandika namba ni haraka zaidi na hakuna kubahatisha.

Maneno

Kikomo cha mistari minne hakikumfurahisha mwanzoni, kwa sababu maelezo ya marekebisho aliyaandika kwa uangalifu. Yalikuwa hivi:

"Kwa wale wenye nguo ambazo zimewabana, zimewapwaya au ni ndefu kupita kiasi, ninazirekebisha ili ziwakae vizuri mwilini, na pia ninabadilisha zipu, vifungo pamoja na bitana kulingana na mahitaji ya mteja mwenyewe."

Hakuna kosa humo, ila nusu ya maneno hayambebei mteja habari yoyote. Mteja anataka kujua ni shida gani ya nguo inayotatuliwa na ni vitu gani vinabadilishwa. Tulibakisha hivyo viwili:

"Ninarekebisha nguo inayobana, inayopwaya au iliyo ndefu. Nabadilisha pia zipu, vifungo na bitana."

Yanaingia mistari minne, wa mwisho ukiwa na neno moja. Sentensi ndefu kamili haikupotea. Ukurasa wa tano wa templeti una aya pana ya maelezo, ikahamia huko. Ni vizuri kuuliza kwa kila andiko lililozidi kama templeti haina mahali pengine palipotengenezwa kwa ajili yake, kabla ya kulikata au kulibana.

Upande wa pili, kadi ya kudarizi ilikuwa na mstari mmoja na nusu. Watu hutazama yaliyozidi na kusahau yaliyopungua, lakini kadi yenye mstari mmoja kando ya yenye minne inaonekana haijamaliziwa. Nilimwomba ataje anadarizi juu ya nini na kwa uzi gani, akafika mistari mitatu. Mitatu kwa minne inatosha, si lazima zote zilingane.

Kuhusu namna ya kuyaingiza: bofya mara mbili ndani ya kisanduku kilichopo, chagua yote kwa `Ctrl+A`, kisha bandika. Ukibandika ukiwa hujaingia ndani ya kisanduku, Canva inakutengenezea kisanduku kipya chenye mtindo wake yenyewe, nawe utatumia muda kukilazimisha kifanane. Maandishi yakibandikwa na mtindo wa kigeni, bofya kadi iliyo sawa, chukua mtindo wake kwa ile brashi ya `Copy style`, uguse nayo yaliyoharibika.

Kichwa cha ukurasa kilikuwa "Huduma za ushonaji ninazotoa". Kwa ukubwa wa 42 kilivunjika mistari miwili na kuisukuma picha. Tukaacha "Huduma za ushonaji". Kijitabu kizima ni chake, hakuna atakayefikiri huduma ni za mtu mwingine.

Picha

Picha ndefu ya simu yenye uwiano wa 3 kwa 4, ikijaza upana wa 17, inakuwa na urefu wa kama 22.7. Nafasi ni 5.7. Maana yake robo tu ya picha inaonekana, na hakuna namna ya kuisogeza ndani ya nafasi ile ukapata uso, mikono na cherehani kwa pamoja. Kuvuta nafasi iwe ndefu kungeharibu kilicho chini yake, kama tulivyoona. Kwa hiyo swali linakuwa moja kati ya mawili: kupata picha nyingine iliyolala, au kuigawa nafasi.

Fundi hakuwa na picha iliyolala iliyo nzuri, lakini alikuwa na picha mbili ndefu nzuri sana, moja yeye akiwa kazini na nyingine ya kola aliyoidarizi. Niligawa nafasi: picha mbili za 8.15 kwa 5.7, kati yake 0.7. Upana huo ni ule ule wa kadi zilizo chini, kwa hiyo kingo za picha zikaangukia sawasawa na kingo za kadi, na ukurasa ukawa na nguzo mbili safi kutoka juu hadi chini. Kila picha sasa inaonyesha zaidi ya nusu yake, na uso haukukatwa.

Muuzaji alikuwa ametumia gridi, ambayo inakubali kunyooshwa kwa vishikio vya pembeni. Picha inajipunguza yenyewe ndani yake, nawe ukibofya mara mbili unaisogeza hadi sehemu unayoitaka ionekane. Angalia tu unapoivuta picha mpya: iachie juu ya gridi yenyewe. Ukiiachia karibu na ukingo wa ukurasa inaweza kugeuka kuwa mandharinyuma ya ukurasa mzima, na hapo utafikiri templeti imeharibika.

Picha yake ya kazini ilipigwa chini ya taa ya manjano, ya kola kwenye mwanga wa dirisha. Zikiwa kando kando zilipingana. Nilipunguza joto la rangi la ile ya kwanza kwenye `Adjust`, nikaongeza mwangaza kidogo, nikaishia hapo. Zinahitaji kukaribiana tu. Ukizidisha, ngozi ya mtu inageuka kijivu.

Rangi

Rangi ya biashara yake ni nyekundu ya damu ya mzee, `#8A1538`. Alikuwa amebofya kadi moja, akachagua rangi hiyo, kisha akakubali pendekezo la Canva la `Change all`, ambalo hubadilisha rangi hiyo kila inapotokea kwenye dizaini nzima. Rangi aliyoiondoa ilikuwa `#E3D3C3`, udongo hafifu uliojaza kadi zote. Kwa hiyo rangi nzito ikachukua kazi ya rangi nyepesi, na maandishi ya kahawia ya kuiva, `#3B2F2A`, yakabaki juu yake. Uwiano wa mwangaza kati ya rangi hizo mbili ni kama 1.4 kwa 1, wakati kiwango kinachotumika kimataifa kwa maandishi ya kawaida, WCAG, kinataka angalau 4.5 kwa 1. Ndiyo maana alikuwa ameyafanya maelezo yote kuwa mazito, akidhani shida ni unene wa herufi.

`Change all` ni chombo kizuri, ila kabla ya kukitumia uliza rangi unayoiondoa inafanya kazi gani. Nyepesi ipokewe na nyepesi, nzito na nzito. Kadi nilizijaza kwa `#F3E3E8`, ambayo ni ile nyekundu yake ikiwa imepaukishwa sana, na nyekundu yenyewe nikaipa kazi ya rangi nzito: vichwa vya kadi, ikoni, na mstari mwembamba chini ya kichwa cha ukurasa. Nyekundu juu ya ile hafifu inapata zaidi ya 7 kwa 1. Maelezo yalibaki na kahawia yake. Karatasi ya ukurasa, nyeupe yenye maziwa, sikuigusa, kwa kuwa iliivumilia rangi mpya bila shida.

Ukaguzi, na kadi ya tano

Tulipomaliza tulipunguza mwonekano hadi ukurasa ukawa mdogo kiasi kwamba maneno hayasomeki, tukauweka kando ya ule wa muuzaji. Kwa udogo huo unaona uzito tu: mabaki meupe yako wapi, nini kimebanana na nini. Mara ya kwanza kona ya chini kulia ilionekana tupu kuliko nyingine, nayo ilikuwa kadi ya kudarizi kabla hajaongeza maneno. Kisha tulibofya maandishi moja baada ya jingine kuangalia namba, 42, 14 na 11 tu, hakuna desimali. Baada ya hapo niliifungia mistatili na gridi za picha kwa kufuli, ili akiendelea kubadilisha maneno mwenyewe asisogeze kitu kwa bahati mbaya.

Akauliza itakuwaje akianza kukodisha nguo za sherehe, maana hiyo ni huduma ya tano. Tano haigawanyiki ndani ya mbili kwa mbili, na safu tatu ndani ya 12.7 zinampa kila kadi urefu wa kama 3.8 tu. Ondoa 0.7 ya juu na ya chini, ondoa ikoni na 0.35 yake, panabaki kama 0.4, na hata mstari mmoja wa maelezo hauingii. Kwa hiyo nilimwachia njia mbili. Ikiwa huduma hiyo ni ya pembeni, itajwe kwa sentensi moja ndani ya kadi ya kushona, mradi mistari isivuke minne. Ikiwa ni kubwa kama nyingine, basi anakili ukurasa mzima, afute picha mbili za juu pamoja na kadi tatu, na kadi iliyobaki ainyooshe iwe 17 kwa 6, ikianzia 4.9 pale picha zilipokuwa zinaanzia. Chini yake, baada ya 1.4, inaanza picha moja ya nguo za kukodisha, 17 kwa 12.4, ambayo itaipa picha yake ndefu ya simu nafasi inayojaza upana wote na bado kuionyesha zaidi ya nusu.